Matone 8 Asubuhi, Matone 8 Usiku: Niasinamaidi na Joto la Idodi

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani, ila tunaanzia kwa staa kama kawaida. Kuna mrembo mmoja wa tamthilia, jina kapuni, alitupia video yupo mbele ya kioo anadondosha seramu usoni. Tone, tone, tone, nikahesabu 11. Watu kwenye komenti wakaanza, "Dada asilimia ngapi hiyo?" Naye akajibu kwa raha zake, "10, na hii chupa ikiisha nahamia 20." Mioyo mia na kitu ikamiminika chini ya hiyo komenti.

Wiki tatu baadaye nikapigiwa simu kutoka Idodi. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, analia. "Dada, uso unaniwaka moto. Nikinawa maji tu unachoma. Na sendofu ni wiki 6 zijazo."

Kwa wasioijua Idodi, ukitoka Iringa mjini ukashika njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, unaiacha baridi ya mjini huku nyuma na kuteremka hadi huku chini kwenye mpunga, vumbi na jua. Mjini mwezi wa 7 watu wanatembea na masweta, Idodi mchana unatafuta kivuli cha mwembe. Mdogo wangu anafanya kazi mapokezi kwenye kambi moja ya watalii upande huo wa hifadhi. Kazi yake ni uso. Anasimama pale kuanzia asubuhi, anatabasamu, anapokea wageni, na ikifika saa 6 mchana paji la uso na pua vinang'aa mpaka unaweza kujitazama. Ndiyo maana aliitafuta hiyo niasinamaidi, wala sio kwa ushamba wa kufuata staa. Ana ngozi ya mafuta na vitundu vya puani na mashavuni vinaonekana kwa mbali, na hivyo vitu vinamkera tangu akiwa shule.

Mimi nimesomea ufamasia, nikakaa dirishani kwenye duka la dawa Iringa mjini miaka 4 kabla ya kuhamia Dar. Kwa hiyo swali lake nimelisikia mara nyingi, ila watu huwa wanaliuliza kichwa chini miguu juu. Wanauliza kali kuliko zote ni ipi. Huwa hawaulizi inatosha ngapi.

Tuanze na hiki kitu chenyewe. Niasinamaidi ni aina mojawapo ya vitamini B3. Kwenye simu ukitaka kuitafuta andika Niacinamide au Nicotinamide, ni kitu kimoja. Ni vitamini ileile ambayo mwili ukiikosa kabisa unapata pelagra, ugonjwa ambao umewatesa sana watu wanaokula mahindi peke yake, kwa sababu B3 iliyopo kwenye mahindi imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliitoi kirahisi. Mtu wa pelagra ngozi yake inakuwa nyeusi na kuchubuka pale jua linapopiga, shingoni na mikononi. Sisi watu wa Iringa ugali ndio baba na mama, lakini karanga, samaki na nyama vinatuokoa. Nasema hivi kwa sababu kuna mtu atauliza kama akila karanga nyingi vitundu vitapungua. Hapana bana. Kama huna upungufu, ya tumboni haitafanya kazi ya ile ya kupaka.

Ukiipaka, inafanya mambo mawili yanayotuhusu leo. Inapunguza mafuta kiasi, na inaisaidia ngozi ya juu kujenga ukuta wake wa kuzuia maji yasipotee. Vitundu vyenyewe havina mlango. Havifunguki kwa mvuke wala kufungwa kwa barafu, maana hakuna msuli pale wa kuvivuta. Kinachovifanya vionekane vikubwa ni mafuta mengi yanayopita, uchafu uliokaa mdomoni mwa kitundu, na ngozi inayovizunguka kulegea kwa umri na jua. Kwa hiyo ukipunguza mafuta, kitundu kinaonekana kidogo zaidi. Hakiondoki. Yule anayekuambia kitaondoka ana kitu anakuuzia.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Kiasi gani kinapunguza mafuta? Utafiti unaotajwa sana kwenye jambo hili ulitoka mwaka 2006, na waliotumia walipaka asilimia ngapi unadhani? 2. Sio 10 wala 20. Walikuwa makundi mawili, Wajapani 100 na Wazungu 30. Kwa Wajapani, kasi ya ngozi kutoa mafuta ilishuka ndani ya wiki 2 mpaka 4. Kwa Wazungu, mafuta yaliyokaa juu ya uso yalipungua baada ya wiki 6, lakini ile kasi ya kutoa haikushuka kwa maana. Kwa hiyo hata hiyo 2 sio muujiza, inategemea na mtu, na sisi Waafrika hatukuwemo kwenye yale makundi. Lakini angalau unajua pa kuanzia.

Kuna na utafiti wa wanawake 50 waliopaka 5% nusu ya uso kwa wiki 12, na ule upande ukaonekana una madoa machache na mikunjo midogo. Na wa chunusi mwaka 1995 ulitumia jeli ya 4%. Umeona namba zinavyokaa? 2, 4, 5. Hapo ndipo ushahidi ulipo. Hizo 10 na 20 zilikuja na maduka, kwa sababu niasinamaidi inayeyuka vizuri kwenye maji, sio ghali kwa kiwanda, na namba kubwa inavutia macho kwenye chupa. Hayo ni maoni yangu, lakini nimeuza hizo chupa, najua mteja anaangalia nini.

Na upande wa madhara nao una namba. Marekani kuna jopo la wataalamu wanaokagua viambato vya vipodozi. Kwenye ripoti yao ya 2005 walisema majaribio hayakuonyesha kuchoma mpaka 10%, na watu waliotumia mfululizo hawakupata muwasho mpaka 5%. Zisome vizuri hizo sentensi mbili, maana watu wanazichanganya. Kuchoma ni kile unachohisi palepale ukipaka. Muwasho wa mfululizo ni kile kinachojikusanya siku baada ya siku. Kwa hiyo 10% inaweza isikuchome leo, ukajiona mkali, halafu wiki ya 3 uso ukaanza kulalamika. Hii haina maana 10% ni sumu, wapo wengi wanaitumia wako poa kabisa. Ina maana kwamba ukivuka 5 unaongeza hatari bila uhakika kwamba unaongeza faida.

Turudi kwa mdogo wangu. Nilimwambia, "Usinitumie picha ya uso kwanza. Nitumie picha ya kabati."

Daah. Tona yenye 5%. Seramu ya 10% na zinki 1%. Losheni ya uso iliyoandikwa 4%. Na sabuni ya uso ya maji ambayo nayo iliandikwa niasinamaidi kwa herufi kubwa bila kutaja kiasi, hiyo tukaiacha maana inaoshwa. Kila kimoja alikinunua kwa wakati wake, kwa pesa yake ya mshahara, na hakuna hata kimoja kilichokuwa feki au kibovu. Shida ilikuwa hesabu.

Watu wanadhani ukipaka 5 juu ya 10 juu ya 4 unapata 19%. Sio hivyo, asilimia hazijumlishwi kwa sababu vimiminika vinachanganyikana. Kinachojumlishwa ni miligramu, yaani dawa halisi inayotua usoni. Nikakaa naye kwenye simu tukapiga hesabu. Tone moja la seramu ni kama mililita 0.05, yaani matone 20 ndiyo mililita 1. Ukitaka kuhakikisha ya kwako, chukua bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano yenyewe, udondoshe ndani yake uhesabu mpaka alama ya 1. Yeye alikuwa anapaka matone 8, kwa kumuiga yule staa akapunguza kidogo, ndivyo alivyojitetea. Matone 8 ni mililita 0.4, na kwa 10% hiyo ni kama miligramu 40. Tona alikuwa anamimina kiganjani kama mililita 1 na kujipigapiga, kwa 5% hizo ni 50. Losheni nusu gramu ya 4%, hizo 20. Jumla 110. Asubuhi. Halafu usiku tena 110.

Sasa linganisha. Mtu anayepaka nusu gramu ya losheni ya 2% usoni anapata miligramu 10. Mdogo wangu alikuwa anajipa mara 11 ya hapo kila akisimama kwenye kioo. Alinyamaza muda kwenye simu. Halafu akasema, "Kumbe dada nilikuwa napika pilau uso mzima."

Na bado kulikuwa na kitu kingine ambacho hakikuwa kwenye picha. Joto lile, jasho na vumbi, akawa ananawa mara 4 kwa siku, na ile ya mchana kazini ananawa kwa sabuni ya kipande, ileile ya kufulia. Sabuni ya kipande ina ualkali mkubwa, pH yake iko kwenye 9 au 10 wakati ngozi yenyewe inakaa karibu na 5. Ukiosha nayo mara kwa mara unaulegeza ule ukuta wa juu, na ukuta ukilegea chochote unachopaka kinazama ndani zaidi ya ilivyokusudiwa. Kwa hiyo seramu ya 10% kwenye uso wake haikuwa sawa na seramu ya 10% kwenye uso wa staa aliyekaa kwenye kiyoyozi Masaki.

Ndipo nikaomba picha ya uso. Hapa naomba tuelewane, kwa sababu maelezo mengi ya mtandaoni yanasema angalia kama uso umekuwa mwekundu. Kwa sisi weusi wekundu hauonekani hivyo. Unaona sehemu imekuwa nyeusi zaidi au ya kijivu kama majivu, ngozi inang'aa lakini ukiishika imekaza kama ngoma, na ukiweka mgongo wa mkono unahisi joto. Yeye ilikuwa pembeni ya pua, mashavuni na kwenye taya. Maji matupu yanachoma. Jasho linachoma. Tena kilichomchanganya zaidi, mafuta yaliendelea kutoka, kwa hiyo akaamini dawa haitoshi akaongeza.

Alikuwa pia na vipele vidogo kwenye taya, mahali ambapo hajawahi kupata chunusi. Mtu fulani alimwambia uso unajisafisha, avumilie. Hiyo lugha ya kujisafisha ina ukweli kwa dawa zinazoharakisha ngozi kujibadilisha, kama retinoidi na baadhi ya asidi, kwa sababu zinasukuma nje chunusi zilizokuwa zimejificha njiani. Niasinamaidi haifanyi hiyo kazi. Ukiota vipele sehemu mpya, vinawasha, na umeanza majuzi, huo ni uso unakataa.

Kukataa kwenyewe kuna sura tofauti, na ni vizuri uzijue kwa sababu hatua zake hazifanani. Kuna joto na wekundu unaokuja dakika chache baada ya kupaka, halafu ndani ya saa moja umeisha. Hiyo mara nyingi inahusiana na asidi ya nikotiniki, ndugu yake niasinamaidi, ambayo inatanua mishipa ya damu. Seramu iliyotengenezwa vizuri ina chembe kidogo mno za hiyo asidi, lakini niasinamaidi ikikaa kwenye mchanganyiko wenye asidi kali au ualkali mkali inaweza kuvunjika na kuizalisha. Hiyo unabadilisha chupa tu. Ya pili ni hii ya mdogo wangu, inayojijenga taratibu na haiondoki kesho yake. Hiyo unasimamisha. Ya tatu ni kope kuvimba, midomo kuvimba, uso kuwasha usiku kucha na malengelenge. Hiyo ni aleji, usinisubiri mimi hapa, nenda hospitali.

Na hapa ndipo nilipoogopa kweli, wadau. Maana wakati ananipigia simu, tayari alishaenda saluni moja huko, na dada wa pale kamwambia, "Hivyo vya kwako ni vya watoto. Nikuchanganyie changu, siku 5 tu uso unakuwa kama yai." Mnajua hicho ni nini. Mkorogo. Kopo halina jina, rangi ya maziwa, harufu kali iliyofunikwa na pafyumu.

Shida ya kopo kama lile kwenye uso uliowaka ni kwamba linaweza kuonekana limefanya kazi. Mengi yana krimu za steroidi kali ndani yake, na steroidi inazima muwasho ndani ya siku 2 au 3. Mtu anashukuru. Anaendelea. Baada ya wiki kadhaa ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinaota kwa fujo, na akiacha moto unarudi mara mbili. Bado hujagusa haidrokwinoni na zebaki, ambazo kwenye vipodozi hapa kwetu ni marufuku. Siku hizi kazi ya kusimamia vipodozi iko TBS, walikabidhiwa mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA, kwa hiyo kopo lisilo na jina, lisilo na orodha ya viambato wala alama yoyote, hata kulijadili ni kupoteza muda. Bibi harusi mtarajiwa mwenye wiki 6 ndiye mteja mtamu kuliko wote wa hilo kopo, kwa sababu ana haraka.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, usipake. Nipe wiki 2 za kutofanya kitu." Akasema, "Dada wiki 2 kati ya 6?" Nikasema ndiyo, 2 kati ya 6.

Tulichofanya ni hiki. Tona, seramu, losheni yenye niasinamaidi, vyote vikaingia kwenye mfuko, mfuko ukapelekwa chumbani kwa mama mdogo ili mkono usije ukateleza. Asubuhi maji matupu. Jioni sabuni ya uso isiyo na harufu wala mbwembwe, mara 1. Mchana akitokwa na jasho anabonyeza kitambaa safi chenye unyevu, hasugui. Sabuni ya kipande ikarudi kwenye ndoo ya nguo inakostahili. Baada ya kunawa, uso ukiwa bado na majimaji, losheni nyepesi ya kawaida yenye glisirini. Nje kofia ya kazini, kanga akitembea, na losheni ya kukinga jua asubuhi, kwa sababu kwenye ngozi yetu kila sehemu iliyowaka inataka kuacha doa jeusi, na jua linalikoleza. Yaani kwa mzungu muwasho unaweza kuisha ukasahaulika, kwetu unaacha barua. Ndiyo maana naona kwa watu weusi hili swali la kiasi ni zito zaidi.

Siku ya 4 maji yaliacha kuchoma. Siku ya 9 ule ukazaji ukaisha. Vipele vya taya vilinywea kufikia siku ya 12 hivi, vikaacha vidoa. Mafuta yalirudi kama yalivyokuwa mwanzo kabisa, sio zaidi, na hilo alilipokea kwa uchungu kidogo. Mama mdogo ndiye alikuwa ananiripotia kila jioni, "Kamwene mwanangu, leo haliii."

Wiki ya 3 tukarudisha niasinamaidi, ileile seramu yake ya 10%, kwa sababu sioni mantiki ya kumwagiza nyingine wakati ipo. Kuna watu hawajui kwamba unaweza kuipunguza makali kwenye kiganja. Matone 2 ya seramu yana miligramu 10. Ukiyachanganya kiganjani na losheni ya kawaida kiasi cha punje moja ya maharage, kama gramu 0.4, umepata nusu gramu ya mchanganyiko wenye 2%, karibu sawa na ule wa kwenye utafiti. Changanya kiganjani tu, hapohapo, upake. Usichanganye kwenye chupa kwa ajili ya mwezi mzima, maana unaharibu vile vihifadhi vinavyozuia bakteria na fangasi.

Kabla ya uso mzima alipaka chini ya sikio, kwenye pembe ya taya, usiku 3 mfululizo. Kimya. Kisha uso mzima, usiku mmoja ndiyo usiku mmoja hapana, kwa wiki 2. Hakuna kingine kipya chochote katika kipindi hicho, hata ile asidi ya salisiliki ambayo rafiki yake alimletea zawadi, kwa sababu ukianza viwili pamoja uso ukikataa hutajua nani kagoma. Wiki ya 5 na ya 6 akapaka kila usiku.

Kupima kama inafanya kazi, kioo hakifai, kioo kinategemea umeamkaje. Nilimpa mtihani wa tishu. Jumapili asubuhi ananawa, hapaki kitu kwa saa 3, anakaa ndani, halafu anabandika kipande cha tishu laini kwenye paji la uso sekunde 10 na kingine puani. Anaviweka juu ya karatasi nyeusi anapiga picha, anaandika tarehe. Picha ya kwanza kabla ya kuanza tena, halafu kila baada ya wiki 2. Ni mtihani wa kienyeji, lakini mtu yuleyule, siku ileile, saa ileile, unakuambia kitu.

Picha ya wiki ya 2 ya kupaka, yaani wiki ya 4 tangu tuanze, haikuwa na tofauti ya kusema. Akanitumia na emoji ya kulia. Picha ya wiki ya 6, siku 2 kabla ya sendofu, doa la paji la uso lilikuwa limepungua, ningesema robo hivi kwa macho. La pua vilevile. Vitundu vya mashavuni kwenye picha ya dirishani vilionekana vimetulia, vya puani vipo palepale kama wapangaji wenye mkataba. Vidoa vya taya havikuisha. Dada wa vipodozi wa Iringa mjini alivifunika bila shida kwa sababu ngozi ilikuwa laini na haichubuki, na hapo ndipo utajua tofauti, maana foundesheni juu ya ngozi iliyowaka inakaa vipandevipande kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu.

Sendofu ilipita, alipendeza, picha mmeziona wengine bila kujua ni nani. Vile vidoa viliendelea kufifia mpaka karibu mwezi wa 4 baada ya hapo. Akapandisha kufika matone 4 na losheni kidogo, ambayo inampa karibu 4%, usiku tu, na hapo amekaa. Nilimwambia mipaka yake ni matone 5, sawa na 5%, na kama miezi 3 ikipita kwenye 5 bila picha ya tishu kubadilika, basi ngozi yake imeshasema ilichonacho, tunatafuta njia nyingine kwa daktari wa ngozi badala ya kupanda kwenda 10.

Mwezi wa 10 ulipoingia, ile joto yenyewe ya Idodi kabla ya mvua, akanitumia ujumbe, "Dada mafuta yamerudi, niongeze?" Nikamuuliza kama maji yanachoma. Hayachomi. Basi sio dawa iliyochoka. Kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 1970 ulioonyesha kwamba joto la ngozi likipanda nyuzi 1 tu, utoaji wa mafuta unapanda kwa karibu asilimia 10. Niasinamaidi haishindani na jua la Idodi saa 7 mchana. Nikamwambia abaki kwenye matone 4, abebe tishu za kubonyeza kwenye mkoba, na chupa aitoe kwenye dirisha la bati. Niasinamaidi yenyewe inavumilia joto, ila vilivyochanganywa nayo sio vyote. Ameiweka chini, pembeni ya mtungi wa maji wa mama mdogo.